Siku ndiyo sikuisikia: jinsi ya kuandika upya mwanzo wa taarifa kwa vyombo vya habari

Nilipokuwa mhariri wa zamu kwenye redio moja hapa Dodoma, jioni moja ililetwa taarifa ya chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Ukurasa mmoja na nusu, mhuri, sahihi, kila kitu. Habari za saa 2 usiku zilikuwa zimejaa na mimi nilibakiwa na sekunde 40. Ukisoma kwa utulivu, sekunde 40 ni kama maneno 70 hadi 80 ya Kiswahili, basi. Nikafanya anachofanya kila mhariri aliyebanwa na muda: nikachukua aya mbili za juu, zilizobaki nikaziacha. Huko juu kulikuwa na jina la mgeni rasmi, cheo chake, azma ya kuinua sekta ya mifugo na shukrani kwa wadau. Ratiba ya vijiji, yaani siku gani chanjo iko wapi, ilikuwa aya ya mwisho.

Kesho yake mchana mzee mmoja wa upande wa Bahi akapiga simu studio. Alikuwa ameswaga mbuzi tangu alfajiri mpaka joshoni, akakuta hakuna mtu. Hakugomba. Alisema tu: "Mwanangu, chanjo niliisikia. Siku ndiyo sikuisikia."

Siku hizi niko upande wa pili wa meza, nasaidia ofisi kuandaa taarifa zake kabla hazijatoka. Kila rasimu inayonifikia naitafutia kwanza ile "siku" ya mzee. Mara nyingi ipo, ila imelala aya ya nne, ya tano au ya sita, chini ya neno "Aidha". Kazi inayobaki ni kuipandisha juu na kuyapanga mengine nyuma yake. Hapa nitaonyesha ninavyoifanya, kwa taarifa moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Taarifa yenyewe nimeisuka mwenyewe. Mradi huo haupo, tarakimu ni za mfano, na kata nimezitaja ili msomaji wa hapa aone picha. Lakini lugha yake ni ile ile tunayokutana nayo kila wiki. Inaanza hivi:

"Mkurugenzi Mtendaji wa Mamlaka ya Maji, kwa niaba ya Bodi ya Wakurugenzi, Menejimenti na wafanyakazi wote, anapenda kuchukua fursa hii kuwataarifu wateja wake wote na wananchi kwa ujumla kwamba Mamlaka, katika kutekeleza azma ya Serikali ya kumtua mama ndoo kichwani, imeendelea kufanya maboresho makubwa ya miundombinu yake ambapo katika mwaka huu wa fedha jumla ya shilingi milioni 640 zimetengwa kwa ajili ya ulazaji wa bomba jipya lenye urefu wa kilomita 3.2, mradi ambao ukikamilika utaongeza upatikanaji wa huduma ya maji kwa wateja wapatao 5,200."

Hiyo ni sentensi moja, maneno 84. Aya ya pili inaeleza Mamlaka ilianzishwa lini na ina majukumu gani. Ya tatu ni maneno ya Mkurugenzi kwamba wamejipanga vizuri. Ya nne ndiyo hii: "Aidha, ili kupisha kazi ya kuunganisha bomba hilo na bomba kuu, huduma ya maji itasitishwa kwa muda wa saa 48 kuanzia tarehe 14 hadi tarehe 16 Julai katika baadhi ya maeneo ya kata za Kizota, Nkuhungu na Chang'ombe." Ya tano inasema maboza manne yatagawa maji. Ya sita inaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza.

Hatua ya kwanza: itawanye

Usianze kwa kurekebisha sentensi ya kwanza. Ukianza nayo utaishia kuipunguza maneno huku ukiacha jambo lile lile mbele, kwa sababu sentensi hiyo inakuvuta ufikirie kama aliyeiandika. Chukua karatasi, soma taarifa yote mpaka mwisho, na kila unapokutana na jambo la kweli liandike kwenye mstari wake, kwa maneno machache, bila cheo wala sifa. Sifa na nia haziingii kwenye orodha. "Maboresho makubwa" si jambo, "wamejipanga vizuri" si jambo. "Bomba la kilomita 3.2" ni jambo.

Kwenye taarifa yetu nilibaki na haya tu: bomba jipya la kilomita 3.2, shilingi milioni 640, wateja 5,200 watapata maji zaidi, maji yatakatika saa 48, tarehe 14 hadi 16 Julai, kata tatu, "baadhi ya maeneo", maboza manne. Ukurasa mzima umekuwa mistari minane.

Uzuri wa kuitawanya ni kwamba mashimo yanaonekana papo hapo. Angalia mstari wa nne na wa tano. Kuanzia tarehe 14 hadi tarehe 16 ni siku mbili au tatu? Mtu akihesabu 14, 15 na 16 anapata siku tatu, yaani saa 72. Taarifa inasema 48. Hakuna saa ya kuanza wala ya kumaliza. Na "baadhi ya maeneo" ni yapi? Mama anayekaa Nkuhungu hawezi kujua kama ajaze ndoo au asijaze. Mambo haya hayarekebishwi kwa kalamu, yanarekebishwa kwa simu. Mpigie mtu anayeifanya kazi yenyewe, kwa mfano wetu mhandisi wa usambazaji, si aliyeandika rasimu. Muulize swali moja moja: mnafunga valvu saa ngapi? Mnafungua saa ngapi? Mkishafungua, maji yanafika nyumba ya mwisho baada ya muda gani?

Swali hilo la mwisho huleta jambo ambalo rasimu haikuwa nalo kabisa. Kwa mfano wetu mhandisi anajibu kwamba valvu inafungwa Jumanne saa 12 asubuhi na kufunguliwa Alhamisi saa 12 asubuhi, lakini nyumba za mwinukoni zitasubiri zaidi, pengine hadi jioni, kwa sababu bomba tupu hujaa kuanzia chini na msukumo huchelewa kufika juu. Anaongeza kwamba maji ya kwanza yanaweza kutoka na rangi ya tope, yaachwe yatiririke kidogo mpaka yawe meupe. Na kuhusu "baadhi ya maeneo", anasema bomba kuu linalofungwa linalisha kata zote tatu, kwa hiyo si baadhi, ni kata nzima. Sasa orodha ina mistari kumi na mmoja, na mitatu iliyoongezeka ndiyo itakayomfaa msomaji kuliko yote iliyokuwepo.

Hatua ya pili: chagua moja

Hapa ndipo watu hukwama, kwa kuwa kila mstari una mwenyewe ofisini. Mhasibu anaona milioni 640, mhandisi anaona kilomita 3.2, mkurugenzi anaona wateja 5,200. Mimi natumia swali moja: ni mstari gani ukiufahamu leo utabadilisha unachofanya kesho? Shilingi milioni 640 hazimfanyi mtu anyanyue hata kikombe. Wateja 5,200 ni ahadi ya siku zijazo, na msomaji hana la kuifanyia leo. Kukatika kwa maji kunamfanya mama lishe wa Kizota anunue madumu, kunamfanya fundi anayemwaga zege asogeze kazi, kunaifanya zahanati ijaze matangi. Huo ndio mstari wa kwanza.

Ukiwa bado na shaka, jaribu hivi. Fikiria unatoka ofisini, mnakutana getini na jirani aliyepanda bodaboda, injini inanguruma, na ana nafasi ya kusikia sentensi moja tu. Utamwambia nini? Hakuna mtu atakayepaza sauti kumwambia jirani kwamba Mamlaka imeendelea kufanya maboresho makubwa ya miundombinu. Atamwambia: "Maji yanakatika Jumanne, siku mbili!" Midomo yetu inajua habari ni ipi. Mkono ukishika kalamu ya ofisi ndiyo husahau.

Lakini jambo la kwanza si lile lile daima, hata kwa mradi ule ule. Taarifa hii ikitoka wiki mbili baada ya kazi kuisha, kukatika kwa maji kumekwishapita na hakumhusu mtu tena. Hapo wateja 5,200 wanapanda juu, ila si kwa maneno ya "upatikanaji umeongezeka". Unamuuliza tena mhandisi: kabla ya bomba hili mtaa huo ulipata maji siku ngapi kwa wiki, na sasa ni ngapi? Jibu lake ndilo aya ya kwanza mpya. Na ikiwa fedha zile zimechelewa, au zimezidi makadirio, basi fedha ndizo habari. Kinachochagua ni siku taarifa inapotoka na mtu anayeisoma. Ukubwa wa tarakimu hauchagui.

Kuna jambo lingine la kusema wazi. Wapo wanaopeleka habari mbaya chini kwa makusudi, wakitumaini haitaonekana. Itaonekana saa 12 asubuhi ya Jumanne, bomba litakapotoa upepo. Mteja aliyefichwa atakuwa na hasira na atakuwa na ndoo tupu. Aliyeambiwa mapema atakuwa na ndoo iliyojaa na malalamiko kidogo.

Hatua ya tatu: andika sentensi moja

Lengo langu ni maneno 25 hadi 30. Si amri ya mtu, ni kipimo cha pumzi: msomaji wa redio anaimaliza bila kukata katikati, na gazeti linaibeba bila kuihariri. Ndani yake weka nani, nini, wapi na lini. Kwa nini iingie kwa maneno machache kama nafasi ipo. Namna gani isubiri.

Sehemu ngumu ni kuamua sentensi ianze na nani. Mazoea ya ofisi ni kuanza na anayesema. Jaribu kuanza na anayepatikana na jambo. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa sababu kitenzi chetu kinambeba mtendaji ndani yake: "watakosa" peke yake inakwambia kuna watu, kuna wakati ujao na kuna upungufu. Kwa hiyo mweke mtu mwanzoni na umkaribishie kitenzi chake haraka. Kwenye rasimu, kitenzi cha kwanza ni "anapenda", neno la 17, na hata hilo ni la kupenda kutaarifu tu. Mpaka sentensi inaisha hakuna aliyekosa maji. Ndugu zake ni "imeelezwa kuwa", "imebainishwa kwamba" na "ambapo". Ukiona "ambapo" kwenye aya ya kwanza, sentensi yako imeshakuwa mbili, ikate hapo.

Nikaandika:

"Wakazi wa kata za Kizota, Nkuhungu na Chang'ombe jijini Dodoma watakosa maji ya bomba kwa saa 48 kuanzia saa 12 asubuhi ya Jumanne, Julai 14, kupisha uunganishaji wa bomba jipya."

Maneno 30. Niliandika "watakosa maji" badala ya "huduma ya maji itasitishwa" kwa sababu hivyo ndivyo mtu atakavyosema nyumbani. Huduma haikosekani kooni, maji ndiyo hukosekana. Niliandika "maji ya bomba" kwa sababu mwenye kisima chake hahusiki, na neno moja limemwondolea wasiwasi.

Saa inahitaji uangalifu wa pekee. "Saa 12" peke yake ni mtego, lazima iwe asubuhi au jioni. Na kazi ikianza usiku hatari ni kubwa zaidi. Ukiandika "Jumatano usiku saa 8", mmoja ataelewa usiku unaofuata mchana wa Jumatano, mwingine, hasa wazee waliolelewa kuihesabu siku tangu jua linapozama, ataelewa usiku uliotangulia. Tofauti ni saa 24 nzima. Andika "saa 8 usiku wa kuamkia Jumatano" na shaka yote inaisha. Weka pia jina la siku pamoja na tarehe, maana watu wengi wanajua leo ni Ijumaa kuliko wanavyojua leo ni tarehe 10, na jina na tarehe vikipingana utaligundua kosa lako kabla ya msomaji.

Hatua ya nne: acha maswali yapange mengine

Aya ya kwanza ikishakaa, usirudi kwenye rasimu kuona nini kinafuata. Isome sentensi yako kwa sauti kisha ujiulize: mtu akiisikia, atauliza nini mara moja? Jibu la swali hilo ndilo aya ya pili. Isome ya pili, uulize tena. Tunauita mpango huu piramidi iliyopinduliwa, kitako juu na ncha chini, lakini ukilifuata swali huhitaji kukumbuka picha.

Ukisikia maji yanakatika Jumanne, unauliza yatarudi lini. Kwa hiyo:

"Maji yatarudi saa 12 asubuhi ya Alhamisi, Julai 16. Nyumba zilizo mwinukoni huenda zikasubiri hadi jioni ya siku hiyo, kwa kuwa bomba hujaa kuanzia maeneo ya chini. Maji ya kwanza yanaweza kuwa na rangi ya tope. Yaachwe yatiririke mpaka yawe meupe."

Kisha unauliza, sasa nifanye nini:

"Wakazi wanaombwa kuhifadhi maji ya siku mbili kabla ya alfajiri ya Jumanne. Maboza manne yatagawa maji bila malipo katika kata hizo kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, Jumanne na Jumatano."

Hapa tena nilipiga simu, kwa kuwa rasimu haikusema maboza yatakuwepo saa ngapi wala kama maji yatauzwa. Bado ina upungufu: yatasimama wapi? Taarifa halisi itaje kituo kimoja kimoja, shule gani, ofisi gani ya mtaa. Kama orodha ni ndefu, itengenezee jedwali ukurasa wa pili na uitaje hapa. Usiiweke katikati ya aya, itazikata habari mbili.

Baada ya msomaji kujua la kufanya ndipo anapata utulivu wa kuuliza kwa nini. Aya ya nne ndiyo ya sababu, na ndiyo mahali pazuri pa Mkurugenzi kuongea:

"'Bomba jipya haliwezi kuunganishwa huku maji yakipita kwenye bomba kuu, ndiyo maana tunafunga kwa siku mbili,' amesema Mkurugenzi Mtendaji wa Mamlaka. 'Tunawaomba radhi wakazi wa kata hizi.'"

Maneno hayo yaandike, kisha umpelekee mwenyewe ayakubali au ayabadilishe. Usimwekee mtu maneno mdomoni bila yeye kuyaona. Ona pia kwamba radhi imepanda kutoka aya ya mwisho na imepata mtu wa kuiomba. "Usumbufu utakaojitokeza" hauna mwenyewe. "Tunawaomba radhi" ina mwenyewe.

Aya ya tano inabeba bomba la kilomita 3.2, wateja 5,200 watakaonufaika na shilingi milioni 640, kwa mpangilio huo huo: kitu, watu, gharama. Ya sita, kama lazima iwepo, ni historia ya Mamlaka kwa sentensi mbili. Azma ya kumtua mama ndoo kichwani inaweza kukaa hapo. Kwenye taarifa ya kukatika kwa maji isipande juu zaidi ya hapo, kwa kuwa mama anayesoma atakuwa anajitwika ndoo wiki hiyo hiyo.

Kuhusu jina la bosi

Nimeliona hili likiharibu kazi nzuri mara nyingi, kwa hiyo nalisema kwa kirefu kidogo. Utaandika upya vizuri, utapeleka rasimu isainiwe, na itarudi na wino mwekundu: "Jina la Mkurugenzi liko wapi?"

Usibishane kwa nadharia ya uandishi. Mwonyeshe karatasi. Jina lake lipo kwenye sahihi, cheo chake kipo kwenye kichwa cha barua, na kwenye aya ya nne yupo anaongea kwa kauli yake. Mkurugenzi mmoja aliniuliza hivyo hivyo, nikamjibu: "Mkurugenzi, aya ya kwanza ukiwepo wewe, redio watakata aya ya nne, na wananchi hawatajua maji yanarudi lini. Simu zote zitakuja kwako." Akakaa kimya kidogo, akasaini. Sikumshinda kwa hoja ya sanaa, nilimwonyesha simu yake ya Jumanne.

Na kuna nyakati jina linastahili kuwa mbele. Kama habari ni uamuzi, na uamuzi huo una nguvu kwa sababu ya aliyeutoa, basi aliyeutoa ni sehemu ya habari. Waziri akifuta ada fulani, anza na Waziri kufuta ada. Lakini tofautisha tendo na ziara. "Mkuu wa Mkoa ametembelea mradi wa maji" ni mwendo tu. Alichoagiza alipofika, nani akitekeleze na kabla ya tarehe gani, hicho ndicho cha kupandisha. Itifaki ya kuwataja viongozi kwa ngazi zao ni ya jukwaani, ambako watu wamekaa wanaonana. Kwenye taarifa haina pa kukaa, na hakuna kiongozi anayevunjiwa heshima kwa kutajwa aya ya tatu.

Hatua ya tano: angalia kilichovunjika

Ukihamisha aya, viungo vinakatika, na Kiswahili kina viungo vingi vidogo. Kwenye rasimu, aya ya nne ilisema "bomba hilo". Ilikuwa sawa, kwa sababu bomba lilitajwa aya ya kwanza. Ukiinyanyua aya hiyo kama ilivyo na kuiweka juu, "hilo" linabaki yatima, msomaji anauliza lipi. Pitia taarifa ukiwa na kalamu, uzungushie kila huyo, hao, hilo, huo, hizo na hapo, na kwa kila moja uonyeshe kwa kidole kinachotajwa kiko wapi juu yake. Fanya hivyo hivyo kwa "Aidha", "Pia" na "Hata hivyo", maana maneno hayo yanadai kitu kilichotangulia. Aya ikianza na "Aidha" na juu yake hakuna la kuongezea, lifute tu. Vifupisho navyo: jina kamili la taasisi linatakiwa pale linapotajwa mara ya kwanza kwenye mpangilio mpya, si pale lilipokuwa zamani.

Kisha hesabu upya. Saa 12 asubuhi ya Jumanne hadi saa 12 asubuhi ya Alhamisi ni saa 48. Sawa. Kama mhandisi angesema wanafungua saa 12 jioni, ingekuwa saa 60, na aya ya kwanza ingekuwa ya uongo.

Jaribio la mwisho ni la mkasi. Funika aya ya mwisho kwa karatasi, usome zilizobaki. Je, zinasimama? Funika nyingine, na nyingine, mpaka ibaki ya kwanza peke yake. Kila unapofunika, msomaji apoteze jambo dogo kuliko lile lililobaki juu. Ukifunika ya tano akapoteza kilomita na shilingi, hakuna aliyeumia. Ukifunika ya tatu akapoteza maboza, inauma kidogo. Ukijikuta umefunika aya na mtu amekosa tarehe, rudi, kuna kitu kimekaa pabaya. Ndicho nilichomfanyia mzee wa Bahi bila kujua, sikuwa na mkasi mwingine zaidi ya saa ya ukutani.

Kichwa cha habari andika baada ya yote haya, ukikitoa kwenye aya ya kwanza: "Kizota, Nkuhungu na Chang'ombe kukosa maji kwa siku mbili kuanzia Jumanne". Wengi huacha hapo "TAARIFA KWA VYOMBO VYA HABARI" peke yake kwa herufi kubwa. Hayo maneno ni jina la karatasi, hayamwambii mhariri kama aifungue au aiache.

Mahali mpango huu haufai

Taarifa ya tanzia ina taratibu zake. Familia kwanza, kisha umma, na jina la marehemu linatangulia na heshima yake, usiikimbize. Tangazo la zabuni au la kisheria lina muundo uliowekwa, na kuupindua kunaweza kulibatilisha. Mwaliko wa waandishi unatakiwa uwe mwaliko: nini, wapi, saa ngapi, nani wa kuongea naye. Na jambo ambalo halijathibitishwa halipandi juu hata kama ndilo kubwa kuliko yote. Kama mhandisi anasema "nadhani Alhamisi", usiandike Alhamisi kwenye aya ya pili. Msubiri, au andika kwamba saa ya kurudi itatangazwa siku fulani, na siku hiyo uitangaze kweli.

Maana kazi za mabomba huchelewa. Mwamba ukitokea pasipotarajiwa, au kiungio kikivuja kikijaribiwa, Jumatano jioni utapigiwa simu kwamba Alhamisi haiwezekani. Hapo utaandika taarifa ya pili, na kishawishi kitakuwa kuanza na "Kufuatia taarifa yetu ya awali". Usianze na hiyo. Kilichobadilika ndicho kinachokwenda mbele, pamoja na kile kilichosemwa mwanzo ili mtu ajue anafuta nini kichwani:

"Maji katika kata za Kizota, Nkuhungu na Chang'ombe yatarudi Ijumaa, Julai 17, saa 12 asubuhi, si Alhamisi kama ilivyotangazwa. Maboza yataendelea kugawa maji Alhamisi nzima."

Itume kabla ya habari za saa 2 usiku, si baada.